Somo: Kutunga swali la ufupisho na mwongozo wake (soma kabla ya kuuliza)

Kila muhula yanarudi maswali yaleyale matatu: hoja ngapi zinatosha, kikomo cha maneno kinapatikanaje, na mwanafunzi aliyenakili apewe nini. Nimeyaweka majibu hapa pamoja na taarifa moja fupi ili tuone kila hatua inavyofanya kazi.

1. Chagua taarifa inayoeleza au inayojadili. Hadithi achana nayo. Ukiifupisha hadithi unapata matukio, hupati hoja.

2. Soma taarifa mara mbili, uondoe msamiati ambao darasa lako haliwezi kuukisia. Hiki si kipimo cha kamusi.

Taarifa yetu ni hii, ina maneno 92:

> Uchimbaji wa mchanga mitoni umeshika kasi kwa kuwa ujenzi unaongezeka kila uchao. Wachimbaji wanapoondoa mchanga, sakafu ya mto hushuka na kingo zake huanza kumomonyoka. Mashamba yaliyo kando, ambayo pengine yamelimwa kwa vizazi kadhaa, humegwa kipande kwa kipande. Mto ukiwa na kina kirefu zaidi, maji yaliyo ardhini huvutwa kuelekea huko, na visima vya jirani hukauka mapema. Nguzo za madaraja nazo hubaki wazi. Daraja lililojengwa kudumu miaka mingi laweza kuporomoka siku moja. Samaki wanaotaga mayai kwenye mchanga hukosa mahali pa kuzaliana. Isitoshe, mashimo yanayoachwa kingoni hutuamisha maji, nayo maji hayo huwa mazalia ya mbu.

3. Swali lielekeze upande mmoja. "Fupisha taarifa hii" halielekezi popote. Andika: *Eleza madhara ya uchimbaji wa mchanga mitoni.* Neno "madhara" linaitupa nje sentensi ya kwanza, kwa sababu ile inaeleza chanzo. Mwanafunzi aliyeelewa swali ataiacha, asiyeelewa ataanza nayo, na hapo umeshawatenganisha.

4. Orodhesha hoja kabla ya kupanga alama. Hapa ndipo miongozo mingi inapoharibika. Mtunzi huamua kwanza kwamba swali lina alama 8, kisha anaisaka taarifa mpaka apate hoja 8. Zikipungua anaigawa hoja moja mara mbili. Tazama sentensi ya pili na ya tatu: sakafu hushuka, kingo humomonyoka, mashamba humegwa. Je, hizo ni hoja tatu? Ni mnyororo mmoja. Sakafu kushuka ni namna jambo linavyotokea, na ndiko huko kunakokausha visima na kuacha nguzo wazi. Kingo kumomonyoka ndiko kunakomega mashamba. Ukizihesabu tatu, mwanafunzi aliyeandika kwa ustadi "ardhi ya kilimo huliwa na mto" atapata alama 1, na aliyenakili mnyororo mzima atapata 3. Umemtuza aliyeshindwa kufupisha.

Jipime hivi: hoja moja ikifutwa, je, nyingine bado inasimama kama dhara kamili? Ikisimama, ni hoja mbili. Isiposimama, ziunganishe. Kwa kipimo hicho taarifa yetu ina hoja 5:

- mto hula mashamba ya kando (kingo zikitajwa peke yake, mwanafunzi anapewa alama)
- maji ya visima hupungua au kukauka
- madaraja hudhoofika au kuanguka
- samaki hawazaliani
- mashimo huzalisha mbu

Hatari ya pili ni mifano na mapambo. "Yamelimwa kwa vizazi kadhaa" na "siku moja" hayana alama. Yaandike kwenye mwongozo kwamba hayana alama, la sivyo msahihishaji mwenzako atayatuza, na karatasi moja itatoka na jumla mbili tofauti.

5. Andika jibu lako mwenyewe, kisha uhesabu. Langu:

> Uchimbaji huu hula ardhi ya kilimo kingo zinapobomoka na hupunguza maji ya visima. Vilevile, madaraja hupoteza uimara, samaki hushindwa kuongezeka, na mbu hupata pa kuzalia katika mashimo yenye maji.

Ni maneno 29. Mwanafunzi hana wepesi wako, kwa hiyo ongeza kama theluthi: kikomo ni maneno 40. Ile kanuni ya theluthi moja ya taarifa ingempa maneno 30 tu hapa, na angebanwa bila sababu. Taarifa yenye mapambo mengi nayo ingempa nafasi ya kunakili mapambo. Kikomo kipime kwa jibu.

6. Gawa alama. Hoja 5, lugha yake mwenyewe 3, mtiririko 2. Jumla 10.

7. Eleza "lugha yake mwenyewe" kwa kipimo kinachoonekana. Wengi hudhani kikomo cha maneno kinazuia kunakili. Hakizuii. Okota vipande vya hoja kama vilivyo katika taarifa yetu: "kingo zake huanza kumomonyoka, mashamba humegwa kipande kwa kipande, visima vya jirani hukauka mapema", endelea hivyo mpaka mbu. Utafika maneno 31, ndani ya kikomo, na hoja zote 5 zimo. Ndiyo maana alama za lugha lazima zisimame peke yake.

Nomino kama mto, mchanga, kisima, daraja, samaki na mbu ni huru, zisidaiwe kubadilishwa. Anayelazimisha zibadilike atapokea "viumbe wa majini" na "wadudu waenezao maradhi", na maneno yatamwishia mwanafunzi bure. Kipimo changu ni kitenzi na muundo. "Visima hukauka" ikawa "visima vinakosa maji", hiyo ni lugha yake. Lakini "humegwa" ikawa "yanamegwa", au "yanayoachwa" ikawa "ambayo yanaachwa", amebadilisha kiambishi tu na maneno bado ni ya mwandishi. Pia maneno 4 mfululizo yaliyotolewa kwenye taarifa, ukiacha yale huru, yahesabiwe kuwa yamenakiliwa.

Hoja 4 au 5 kwa lugha yake: alama 3. Hoja 3: alama 2. Hoja 1 au 2: alama 1. Hakuna: 0. Hoja iliyonakiliwa bado inapata alama yake ya hoja. Ukimnyima huko na huku umemwadhibu mara mbili kwa kosa moja.

8. Jaribu mwongozo kwa karatasi moja kabla ya kusahihisha rundo. Mfano:

> Kuchimba mchanga kunaharibu mto. Mashamba yanamegwa kipande kwa kipande na visima vinakosa maji. Pia madaraja yanaweza kuanguka na samaki wanapungua kwa sababu hawana pa kutagia. Watu wanapaswa kukatazwa kuchimba.

Hoja 4, mbu hayupo. Lugha yake iko katika visima, madaraja na samaki, mashamba yamenakiliwa. Basi ni 2. Mtiririko 1, kwa sababu sentensi ya kwanza haitaji dhara lolote mahususi na ya mwisho ni maoni ambayo hayamo katika taarifa. Jumla 7 kati ya 10.

---

MASWALI

Chaki Nyeupe: Naomba unitumie maswali kumi yaliyo tayari na majibu yake, kidato cha pili.

Mtunzi: Sina. Hatua ziko juu, taarifa unayo kwenye kitabu chako cha darasa.

Bi. Kalamu: Mwanafunzi akipitisha kikomo? Sisi tunakata alama moja kwa kila maneno matano.

Mtunzi: Piga mstari baada ya neno la 40, kilicho nyuma yake usikisome. Adhabu imo humo humo: hoja zake za mwisho zimepotea. Angalia anayenakili sentensi nzima kwenye taarifa yetu: sentensi tatu za kwanza zina maneno 37, na zote zimebeba hoja moja tu. Ukimkata tena alama, unapima kuhesabu.

Bi. Kalamu: Na sentensi ikikatikia katikati?

Mtunzi: Kama kitenzi chake kiko kabla ya mstari na maana imeeleweka, hoja ipewe alama. "Samaki hawazaliani |" inatosha. "Samaki |" haitoshi.

Mzalendo wa Lugha: Theluthi moja imetumika miaka yote na haina tatizo. Hujaeleza kwa nini unaikataa.

Mtunzi: Nimeeleza hatua ya 5, kwa tarakimu. Chukua taarifa mbili zenye urefu sawa, moja ina hoja 4 na nyingine 9, uone kama kikomo kimoja kitazifaa zote.

Darasa la Jioni: Wanafunzi wangu wanajifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Msamiati wao ni mdogo, na ukidai maneno yao wenyewe wanaandika vitu visivyo sahihi. Mmoja aliandika "visima vinakufa". Nifanyeje?

Mtunzi: Swali zuri. Kwanza, "visima vinakufa" mpe hoja na mpe lugha. Maana imefika, na ni yake. Makosa ya namna hiyo yasiguse alama za lugha yake mwenyewe isipokuwa yamegeuza maana. Angeandika "visima vinajaa", hapo hoja yenyewe imekwenda. Pili, punguza uzito kwa hatua. Mwanzoni gawa hoja 5, lugha 1, mtiririko 1, kisha ongeza alama za lugha wakishazoea. Tatu, na hii ndiyo inayosaidia zaidi: wasome taarifa, wafunge karatasi, waandike hoja kwa neno moja moja wanalokumbuka, yaani "mashamba, visima, daraja, samaki, mbu". Ndipo waandike sentensi wakiwa wamefunga. Kitenzi cha mwandishi hawakioni, kwa hiyo watatumia walicho nacho. Mwisho wafungue wahakikishe maana.

Darasa la Jioni: Asante. Wakifunga karatasi, si watasahau hoja?

Mtunzi: Watasahau moja au mbili, ndiyo maana wanafungua mwishoni. Mtihanini wafanye vivyo hivyo kwa kufunika taarifa kwa kiganja wanapoandika nakala safi, wakitazama nakala chafu yenye maneno makuu tu. Nakala chafu yenye sentensi kamili ndiyo chanzo cha kunakili, maana wanahamisha tu.

Rula: Hili la nakala chafu nalipokea. Mimi huwataka waandike hoja kwenye mistari tofauti na wasitumie kitenzi chochote. Kosa linaonekana mapema.

Mtunzi: Kutotumia kitenzi ni kuzuri kuliko nilivyosema mimi. Ila kwa taarifa yenye pande mbili, faida na hasara, waongeze alama ya kujumlisha au kutoa kando ya nomino, wasije wakachanganya.

Mgeni: Kwa hiyo kila swali liwe na hoja 5?

Mtunzi: Hapana. Soma hatua ya 4.

Rula: Wanaoanza kila sentensi na "mwandishi anasema kwamba" unawafanyaje?

Mtunzi: Sikati alama. Ni maneno matatu kila mara, na hoja 5 zikianza hivyo maneno 15 kati ya 40 yamekwenda. Waambie wahesabu, wataacha wenyewe.

Bi. Kalamu: Maneno kama "kwa sababu" ni moja au mawili?

Mtunzi: Mawili. Kila kilichotengwa kwa nafasi ni neno. Anayeunganisha "kwasababu" ili aokoe nafasi, mhesabie mawili, na tahajia hiyo ikosoe katika mtiririko. Liandike hilo juu ya karatasi ya maswali ili walijue kabla hawajaanza.