Kabla Hujawasha Mashine ya Kupima Kasi ya Neva

Pete, bangili na saa vivuliwe. Mafuta na losheni vifutwe kwa spiriti, la sivyo elektrodi hazitashika. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba atapigwa shoti ndogondogo, kwa sababu mtu aliyeshtukizwa hukaza misuli na grafu yote huvurugika. Haya kila mtu anayajua, tusipoteze muda.

Tepu inastahili maneno machache zaidi. Mashine haipimi kasi, inapima muda tu. Umbali unaupima wewe kwa mkono wako, na ukikosea wewe, mashine nayo itakosea bila aibu. Chukua neva ya kati ya mkono. Unaipiga shoti penye kifundo cha mkono, msuli wa chini ya dole gumba unaitika baada ya milisekunde 3.4. Unaipiga tena penye kiwiko, unaitika baada ya milisekunde 7.4. Kati ya sehemu hizo mbili kuna milimita 220. Gawa 220 kwa tofauti ya milisekunde 4.0, unapata mita 55 kwa sekunde, mkono mzima wa afya. Tepu ikilegea sentimita moja tu, unapata 57.5. Na usiwe mvivu wa kupiga sehemu moja: katika zile 3.4 za kwanza umo pia muda ambao ishara hupoteza inapovuka kutoka neva kwenda kwenye msuli, na muda huo hauondoki mpaka utoe hesabu moja kutoka kwa nyingine.

Sasa joto. Pima ngozi kwa kipimajoto, usiibabaishe kwa kugusa. Mkono uwe angalau nyuzijoto 32, mguu usishuke chini ya 30. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua inakula takribani mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu aliyekaa saa moja chini ya kiyoyozi, mkono ukashuka kutoka 33 hadi 27, ile 55 yake inakuwa kama 43, na wewe unamwandikia ugonjwa ambao hana. Dalili ya kukushtua ni kimo cha wimbi. Baridi huchelewesha milango ya sodiamu kufunguka na kufungika, hivyo kila uzi ndani ya neva unakaa na umeme wake muda mrefu zaidi, na wimbi linatoka limechelewa lakini refu na nene. Neva iliyochubuka mayelini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi zake, nayo huchelewa, ila wimbi lake mara nyingi hutoka limechakaa, limetawanyika, au linapungua kadiri unavyopiga shoti mbali na msuli. Ukiona wimbi limechelewa na bado limenenepa, chukua beseni la maji ya uvuguvugu kwanza, kalamu baadaye.

Na hilo beseni ndilo lililonifunza kazi.

Alikuja mama mmoja wa miaka sitini na kitu, nyayo zinamwaka moto. Usiku anatoa miguu nje ya shuka na kuikanyagisha kwenye sakafu ya saruji ili apate usingizi. Miguu yake ilikuwa nyuzijoto 28, nikaleta beseni. Akaitumbukiza, akanitazama: "Mwanangu, mbona maji yako ya baridi?" Nikaongeza ya moto. Akasema bado. Nikachovya mkono wangu, nikautoa haraka, maji yalikuwa ya moto hasa. Nikajisemea wazee wana ngozi ngumu, nikayapoza kidogo, nikaendelea. Mguu ulipofika 32 nikapima neva ya nyuma ya muundi. Mita 45 kwa sekunde, wimbi zuri la kuchorea kitabuni. Nikaandika: neva hazina tatizo.

Alivyosoma karatasi alinyamaza, kisha akasema, "Basi mashine yako nzima, mie ndiye mgonjwa." Nilicheka. Miezi kadhaa baadaye akarudi, mguu wa kulia umefungwa bandeji. Nyumbani walimwambia akande miguu kwa maji ya moto. Akayachota, akayaona vuguvugu, akakaa nayo mpaka mjukuu alipomwambia, "Bibi, ngozi inatoka." Kwenye faili, karatasi yangu ilikuwa juu kabisa, na kwa sababu yake hakuna aliyekuwa amehangaika na miguu ile tena.

Aliyenionyesha kosa ni daktari mmoja mtu mzima, na hakuhitaji umeme. Alimgusa nyayo kwa pamba, akahisi. Akamwekea uma wa mtetemo kwenye dole gumba, akahisi. Akamchoma polepole kwa pini, mama akasema "umenigusa." Akamwekea bomba la maji ya moto na la maji ya baridi, akashindwa kuyatofautisha. Kisha sukari ikapimwa, ikakutwa juu sana. Ilikuwa neva kweli, tena neva zilizokufa. Mimi nilikuwa nimepima nyingine.

Hapa ndipo nataka uketi kidogo. Neva moja unayoipiga shoti ni kama kamba ya katani, ndani imejaa nyuzi za unene tofauti, na unene ndio unaoamua kasi. Erlanger na Gasser, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1944, ndio walioonyesha kwamba shoti moja huibua mawimbi kadhaa yanayofika kwa zamu, wakayapa herufi A, B na C. Nyuzi nene za kundi A huendesha misuli na kuleta mguso na mtetemo. Zile nyembamba za kundi hilo, A-delta, zenye mikromita 2 hadi 5, huleta baridi na maumivu makali ya mara moja. Za C ni nyembamba kuliko zote, nyingi hazifiki mikromita 1.5, hazina mayelini kabisa, na ndizo zinazoleta joto na ule mwako wa polepole.

Kwa nini unene ulete kasi? Umeme unaosafiri ndani ya uzi una njia mbili, kusonga mbele au kuvujia nje kwenye utando. Uzi ukiwa mnene, njia ya mbele ni pana, kwa hiyo mkondo unafika mbali kabla haujapotea. Lakini unene peke yake ni njia ghali. Kwenye uzi usio na mayelini kasi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha kipenyo tu. Tuseme uzi wa mikromita 1 unakwenda mita 1 kwa sekunde. Kuufikisha mita 50 ingebidi uwe na unene mara 2,500, yaani milimita mbili na nusu, uzi mmoja mnene kama waya wa umeme wa nyumbani. Ngisi aliichukua njia hiyo, ana uzi mmoja unaokaribia milimita nzima, na bado haufiki mita 50.

Sisi tuna mayelini. Seli ya Schwann hujiviringisha kwenye uzi tabaka juu ya tabaka, mkondo unazuiwa kuvuja, na milango ya sodiamu inarundikana kwenye vifundo vya Ranvier, ile mianya midogo ya kama mikromita moja kati ya seli na seli. Ishara huzaliwa upya kwenye kifundo, kisha hupita haraka chini ya mayelini hadi kifundo kinachofuata. Tunasema inarukaruka, ingawa umeme wenyewe haupai hewani, unapita ndani kwa ndani. Na uzi ukinenepa, mayelini yake hunenepa pia na vifundo hutengana zaidi, takribani mara 100 ya kipenyo. Ndiyo maana hapa kasi hupanda sambamba na unene: zidisha kipenyo kwa mikromita mara 6, unapata makadirio ya mita kwa sekunde. Uzi wa mikromita 10 una vifundo kila milimita moja na unakwenda kama mita 60. Katika mita moja ya mguu unarukaruka mara elfu moja kwa milisekunde 17 hivi. Mita 50 aliyoihangaikia ngisi inapatikana kwa uzi wa mikromita 8 na ushee.

Ukitaka ushahidi bila maabara, jigonge kidole cha mguu kwenye kitanda. Mguso unafika uti wa mgongo kwa milisekunde 20 hivi. Uchungu mkali wa A-delta, kwa mita 15 kwa sekunde, unachukua kama 67. Ule mwingine unaokufanya ukae chini na kushika mguu unakuja na C, mita 1 kwa sekunde, yaani sekunde nzima baadaye. Neva ni ileile, waliomo wanatembea mwendo tofauti.

Sasa rudi kwenye skrini. Namba unayoisoma ni ya wale waliofika kwanza, yaani nyuzi nene. Zaidi ya hapo, nyuzi nene huitika shoti ndogo, wakati za C zinahitaji shoti ambayo hakuna mgonjwa atakayeivumilia. Hata zikiitika, umeme wake ni mdogo na kila moja inafika kwa wakati wake, hivyo unazama chini ya kelele za mashine. Mama yule alikuwa na nyuzi nene nzima, na kisukari kilikuwa kimeanza kula nyembamba. Ile 45 ilikuwa kweli tupu. Uongo ulikuwa sentensi yangu.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine, muulize mgonjwa: ni ganzi na kuyumba, au ni kuwaka na kutojua moto na baridi? Akisema kuwaka, weka pini safi, pamba na mabomba mawili ya maji mezani, na upime kwa macho yake yamefungwa. Ukihitaji uthibitisho, kinachotakiwa ni kipande cha ngozi cha milimita 3 kutoka juu ya kifundo cha mguu, zihesabiwe ncha za nyuzi nyembamba chini ya darubini. Kwa mgonjwa wa ukoma fanya vivyo hivyo hata kama hakulalamika, maana mara nyingi joto hupotea kabla ya mguso. Na majibu yaandikwe hivi: "nyuzi nene zenye mayelini ziko sawa; nyuzi nyembamba hazijapimwa kwa kipimo hiki." Mstari mmoja tu.

Mengine ni madogo. Kichanga usimlinganishe na mtu mzima, mayelini yake bado yanajengwa na kasi yake ni kama nusu. Huifikia ya watu wazima kati ya miaka 3 na 5. Mwenye waya wa nje wa kuendesha moyo usimpige shoti. Sakafu isiwe na maji karibu na nyaya. Na maji ya beseni yajaribiwe kwa kiwiko chako, asijaribu mgonjwa.