Kabla ya kujaza udongo nyuma ya ukuta wa besimenti

Kabla tipa la kwanza halijamwaga mchanga nyuma ya ukuta, iwe Upanga au Kariakoo, muulize aliyepiga hesabu ametumia K ipi, yaani sehemu gani ya uzito wa udongo inayousukuma ukuta. Akikujibu "theluthi moja", msijaze kwanza. Theluthi ni ya ukuta unaoweza kuinama kidogo, kama milimita 3 kwa ukuta wa mita 3, udongo ukapata kulegea. Wa besimenti umebanwa na msingi chini na slabu juu, hauendi popote. Huo unahesabiwa kwa K0, yaani uwiano wa msukumo wa pembeni na uzito wa wima udongo ukiwa umetulia. Kanuni ya Jaky ya mwaka 1944 ni nyepesi:

```
K0 = 1 - sin φ'
```

φ' ni pembe ya msuguano: mchanga wenye nyuzi 30 unatoa 0.5. Ukiwa na uzito wa kN 18 kwa mita ya ujazo, kwenye kina cha mita 3 msukumo ni kN 27 kwa mita ya mraba. Kwa theluthi ungepata 18.

Sasa ulizia historia ya udongo wenyewe, kwa sababu Jaky anachukulia kwamba haujawahi kubeba mzigo kuzidi wa leo. Ukiwahi kulemewa kisha mzigo ukaondoka, uzito wa wima hushuka, lakini chembe zimeshabanana na msukumo wa pembeni hubaki mwingi. Udongo wa asili uliowahi kubeba mara 4 ya mzigo wa sasa, kwa pembe ileile, K0 yake inafika 1: msukumo unakuwa maradufu.

Rola hufanya hivyohivyo, tena kwa dakika chache. Ikipita inalemea, ikiondoka inaacha msukumo umefungiwa. Chukua rola inayokandamiza kN 30 kwa kila mita ya upana wa ngoma, mtetemo ukiwemo. Kwa kanuni ya Ingold, √(2pγ/π), p ikiwa mzigo huo wa rola na γ uzito wa mchanga, inaacha kama kN 18.5 kwa mita ya mraba, kuanzia nusu mita chini ya uso hadi karibu mita 2. Kwenye mita 1, K0 ya kawaida ingetoa 9 tu. Ndiyo maana kushindilia sana "ili pasititie" kunaweza kuuumiza ukuta uliohesabiwa vizuri. Rola ndogo ya kusukuma kwa mkono, ya kN 8, inaacha 9.6. Kubwa ikae mita 2 mbali na ukuta.

Slabu ya juu iwe imeshamwagwa na kukomaa. Bila hiyo ukuta unasimama kama mkono ulionyooshwa, na nondo zinavutwa upande wa udongo, si wa ndani. Maji ya masika yana hesabu yake: kN 10 zaidi kwa mita ya mraba kwa kila mita ya kina, ingawa udongo uliozama majini unapungua uzito kwa sababu maji yanauinua.

Ning'iniza timazi ndani, upime umbali wake na ukuta katikati ya kimo kila tabaka likishindiliwa. Ukipungua, au ukiona ufa wa mlalo hapo katikati, mwondoe dereva wa rola kabla ya tabaka linalofuata.