Mtoto anayepiga mayowe usingizini: mambo ya kuweka sawa kabla hamjalala

Mwanangu alikuwa hajatimiza miaka 3 usiku ule alipoinuka ghafla kitandani, macho wazi, akapiga yowe ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwake. Nilipomkumbatia alinisukuma. Nilimwita jina, akanitazama kama ukuta. Jasho lilimtiririka shingoni na moyo ulimdunda hadi nikausikia kiganjani. Mume wangu aliwasha taa, mama mkwe akaja na kikombe cha maji baridi, mimi nikawa namtikisa aamke, na kila tulivyohangaika ndivyo alivyozidi kupiga kelele. Baada ya dakika kama 12 alijilaza mwenyewe, akageukia ukutani, akalala. Asubuhi aliomba uji kama kawaida. Hakukumbuka chochote.

Ningekuwa nimejua mapema yale niliyokuja kuambiwa kliniki, usiku ule ungepita kwa namna nyingine kabisa.

La kwanza kuelewa ni kwamba mayowe ya usiku si kitu kimoja. Majumbani tunayaita yote ndoto mbaya au jinamizi, lakini lile lililompata mwanangu si ndoto. Hapa nitaliita kuweweseka. Mtoto huanza usiku kwa usingizi mzito sana, ule ambao unaweza kumbeba kutoka kwenye kochi hadi kitandani asijue. Kuweweseka hutokea pale anapokuwa anatoka katika usingizi huo kuelekea ule mwepesi, na ubongo ukakwama njiani: sehemu inayoendesha mwili na woga imeamka, ile inayotambua watu na kuweka kumbukumbu bado imelala. Ndiyo maana macho yako wazi naye hakuoni, na ndiyo maana asubuhi hana la kusimulia. Ndoto mbaya hutokea katika usingizi wa kuota, ambao huzidi kuelekea alfajiri. Yenyewe humwamsha mtoto kabisa. Anakutambua, anakushika shingoni, anakwambia mbwa alimkimbiza, na anaogopa kulala tena.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, tazama saa, kisha tazama anavyokupokea. Mtoto aliyelala saa 2 usiku akapiga yowe kati ya saa 3 na saa 5, na anakusukuma ukimshika, karibu hakika anaweweseka. Anayelia saa 10 alfajiri na kukung'ang'ania ameota. Kitu kinachowachanganya wazazi wengi ni kwamba kinachotisha zaidi kwa macho, yaani kuweweseka, ndicho kisichomwachia mtoto hofu yoyote. Anayehitaji kubembelezwa ni yule wa alfajiri.

Ukishajua hivyo, andaa chumba kukiwa bado na mwanga. Mtoto anayeweweseka anaweza kuruka, kukimbia, hata kwenda mlangoni, akiwa hajui alipo. Kama analala juu kwenye kitanda cha ghorofa, mshushe. Ukiweza, weka godoro chini kwa kipindi hiki. Chandarua kibaki, lakini kichomekwe vizuri chini ya godoro ili kisimfunge miguu anapotapatapa. Chupa ya chai, taa ya mafuta, jiko lililobaki na makaa, meza yenye kona kali: vyote viondoke njiani kati ya kitanda na mlango. Mlango wa nje ufungwe na ufunguo ukae juu asikoweza kufika.

Kisha zungumzeni wote mnaolala nyumba hiyo, pamoja na dada wa kazi, kwa sababu huenda usiku huo ni yeye atakayefika kwanza. Mkubaliane kwamba mtoto akiweweseka haulizwi maswali, hatikiswi, hamwagiwi maji, na hashikwi kwa nguvu. Mtu mmoja tu anakaa karibu naye, taa hafifu, mkono tayari kumkinga asianguke. Akikubali kuguswa, mguse. Akikataa, kaa tu. Unaweza kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama nipo, lala," na kuirudia. Ukimwamsha kwa nguvu humuumizi, ila unamtoa katika usingizi mzito akiwa amechanganyikiwa, akikuta watu watatu wamemzunguka wana hofu usoni, na sasa ndiyo anaogopa kweli. Mara nyingi hali hupita ndani ya dakika 5 hadi 15. Asubuhi usimhoji wala usimsimulie mbele ya watu, maana atabeba hofu ya kitu asichokijua.

Mazungumzo na wazee yanahitaji adabu na muda. Mama mkwe aliamini mtoto ameshikwa na kitu, akataka kufukiza ubani chumbani. Nilimsubiri mchana, nikamwambia, "Mama, dua tutamsomea sote kabla hajalala. Ila naomba usiku tusimfukizie moshi, kifua chake si kizuri." Alikubali, akawa yeye ndiye anayemsomea kila jioni. Ule utulivu wa jioni ulimsaidia mtoto kuliko nilivyotarajia.

Sasa chanzo. Katika umri huu kinachochochea kuweweseka zaidi ya vyote ni uchovu. Mtoto aliyechoka kupita kiasi huzama katika usingizi mzito zaidi, na kutoka humo kunakuwa kugumu. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13. Piga hesabu ya wa kwako kwa uaminifu. Mimi nilipoipiga niliona aibu: mwanangu alikuwa ameanza chekechea wiki 2 kabla, usingizi wa mchana umekatika, analala saa 3 na nusu usiku akisubiri baba yake arudi, na saa 12 kasorobo namwamsha awahi gari. Ni saa 8 na robo tu. Homa, kelele, nyumba ngeni na kibofu kilichojaa huchochea pia, na watoto ambao wazazi wao walikuwa wakitembea usingizini huwa wepesi zaidi wa kupatwa. Mume wangu, tulipomuuliza mama yake, alikuwa akitembea.

Weka daftari karibu na kitanda. Andika saa aliyolala, saa alipoanza kuweweseka, na dakika ngapi zilipita. La kwangu lilionyesha alilala saa 3 na nusu na kuanza saa 5 na robo, siku iliyofuata saa 5 na dakika 10, kisha usiku 2 bila kitu, kisha saa 5 na robo tena. Ukipata mpangilio wa namna hiyo na hali inarudi karibu kila usiku, kuna njia wanayoielekeza madaktari wa watoto: mwamshe kidogo dakika 15 hadi 30 kabla ya muda ule, ageuke tu au afumbue macho na kunung'unika, kisha mwache alale. Unafanya hivyo kila usiku kwa wiki 2 hadi 4. Sisi hatukufika huko. Tulianza kumlaza saa 1 na nusu, baba akawa anamwona asubuhi badala ya usiku, na mwalimu akakubali alazwe baada ya chakula cha mchana. Wiki ya tatu daftari lilikuwa tupu. Usijaribu kumtuliza kwa sirapu ya mafua eti inaleta usingizi. Si kazi yake, na kuna watoto inaowafanya wahangaike zaidi.

Kwa ndoto mbaya maandalizi ni ya mchana. Angalia anachotazama kwenye televisheni ya wakubwa baada ya magharibi, na acheni kumlaza kwa vitisho vya zimwi, polisi au daktari mwenye sindano. Kitisho hicho anakipeleka kitandani. Akiamka analia, fika haraka, mkumbatie, mwambie ameota na yuko nyumbani, kaa naye hadi atulie. Mtoto wa miaka 2 hajui kwamba ndoto si kitu cha kweli, kwa hiyo usibishane naye kuhusu mbwa. Ndoto zikirudi usiku hadi usiku, na mchana anamkwepa mtu fulani, anarudia kukojoa kitandani au hataki kuvuliwa nguo, uliza kwa upole anashinda na nani na wapi. Tanzania na Kenya namba 116 hupokea simu za namna hiyo bila malipo.

Halafu kuna usiku ambao daftari halihusiki. Homa ikiwapo, usiseme anaweweseka tu. Mshike, mpime. Mtoto mwenye homa anayeongea ovyo, asiyetambua mtu hata baada ya kuamshwa, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu au aliyelegea, anapelekwa hospitali usiku huo huo. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo, na hazisubiri asubuhi.

Degedege nayo hufananishwa na kuweweseka, lakini ukitazama kwa makini zinatofautiana. Anayeweweseka anatapatapa ovyo, anapiga kelele, anakimbia. Wa degedege mwili hukakamaa au kurukaruka kwa mpigo unaojirudia, macho hupanda juu, mate humtoka, na baadaye hulegea. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane, hesabu dakika. Degedege ya kwanza ni ya hospitali hata ikiisha yenyewe, na ikifika dakika 5 ni dharura. Kuna pia kifafa cha usingizini: vipindi vifupi, mara kadhaa kwa usiku, na kila mara mwendo ule ule kama picha iliyorudishwa. Ukiona hivyo, rekodi kwa simu. Video ya sekunde 30 inamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Bila haraka ya usiku, lakini ndani ya wiki, mpeleke anayekoroma na kukata pumzi kisha kushtuka. Huenda ana nyama za puani, na zikishughulikiwa kuweweseka nako mara nyingi hupungua. Mpeleke pia anayejiumiza, anayeweweseka zaidi ya mara moja kwa usiku, au anayesinzia mchana kutwa.

Kwetu kipimajoto kinakaa kwenye droo ya juu pamoja na kadi ya kliniki, kadi ya bima na nauli, na namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo hata dada ataiona.