Kompyuta ya steshenari bado imo kwenye Gmail yako? Namna ya kuikagua na kuitoa

Mdogo wangu anasoma Morogoro. Juzi alinipigia usiku: "Kaka, kuna mtu yuko Dar kaingia kwenye Gmail yangu." Tulikaa simuni kwa muda wa kama saa mbili. Hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Fungua orodha. Andika mwenyewe `myaccount.google.com`. Kitufe kilichomo kwenye barua ya tahadhari mimi sikigusi kabisa, maana matapeli huziiga barua hizo. Ingia `Security & sign-in`, shuka hadi `Your devices`, kisha `Manage all devices`.

2. Jua kipi si chako. Muda wetu wote uliishia hapa. Yule "mtu wa Dar" alikuwa simu yake mwenyewe! Mahali panapoandikwa hukadiriwa kutokana na anwani ya IP, na ukitumia bando la simu, mitambo inayokupitisha yaweza kuwa mji mwingine. Kwa hiyo usihukumu kwa jina la mji. Tazama aina ya kifaa, kivinjari, na mara ya mwisho kilipotumika. Usishtuke pia kuona kifaa kimoja kimejirudia, kwani kila kivinjari huweza kuhesabiwa peke yake.

Tulipoviweka kando vifaa vyake, ikabaki Windows yenye Chrome, na yeye hana kompyuta. Nikamwambia atafute hivi ndani ya Gmail:

```
in:anywhere from:no-reply@accounts.google.com
```

`in:anywhere` huchungulia hadi kwenye taka, maana aliyeingia kwa siri huweza kuifuta tahadhari. Barua moja ya `Security alert` ilitaja Windows. Tarehe? Siku aliyokwenda kuprinti fomu ya mkopo kwenye steshenari jirani na chuo. Alifungua Gmail pale, akachukua karatasi zake, akaondoka bila kutoka kwenye akaunti.

Mara ya mwisho kompyuta hiyo kutumika ilikuwa siku mbili kabla hajanipigia. Hiyo peke yake haithibitishi kuwa kuna aliyesoma barua, kwani Chrome ikiwashwa tu huweza kuwasiliana na akaunti. Lakini mlango ulikuwa wazi.

3. Gusa kifaa hicho, kisha `Sign out`. Kikijirudia, toa kimoja kimoja.

4. Badilisha nywila hapohapo. Chrome ya steshenari yaweza kuwa imeihifadhi, na ukiishia hatua ya 3 mtu ataingia tena kwa kubonyeza mara moja. Kubadilisha nywila hutoa karibu vifaa vyote vingine.

5. Kagua mianya. Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe yako. Kisha, kwenye kompyuta unayoiamini, fungua mipangilio ya Gmail uone `Forwarding and POP/IMAP` na `Filters and Blocked Addresses`. Barua zikiwa zinaelekezwa kwingine, zitaendelea kwenda hata baada ya kumtoa mtu. Za mdogo wangu zilikuwa safi.

Fomu iliyofuata alimtumia mwenye steshenari kwa WhatsApp. Flashi niliikataa, ya mwisho ilirudi na virusi.