Somo: Barua ya kusitisha mkataba wa intaneti wa marehemu

Poleni nyote mliofiwa. Baba alipofariki tulipiga simu kwenye kampuni ya intaneti ya nyumbani, tukajibiwa "sawa, tumewaelewa". Miezi mitatu baadaye ikaja ankara kwa jina lake, miezi yote imehesabiwa. Hatukuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba tulitoa taarifa.

1. Tafuta ankara ya zamani. Humo mna namba ya mteja na jina lililo kwenye mkataba. Andika jina vilevile. Likitofautiana na la kwenye cheti cha kifo, lieleze kwa sentensi moja ndani ya barua.

2. Toa nakala ya cheti cha kifo cha RITA. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Halisi waonyeshe, kisha rudi nayo nyumbani.

3. Andika barua fupi:

> YAH: KUSITISHA MKATABA WA INTANETI WA MAREHEMU (jina), NAMBA YA MTEJA (…)
>
> Tunasikitika kuwajulisha kuwa mteja wenu, baba yetu mzazi, alifariki tarehe (…). Nakala ya cheti cha kifo imeambatanishwa.
>
> Kwa niaba ya familia, naomba huduma isitishwe kuanzia tarehe (…) na ankara zisiendelee kutolewa baada ya hapo. Naomba pia hesabu ya mwisho kwa maandishi, ikitenganisha deni la kabla ya kifo na la baada yake. Kifaa chenu tutakirejesha tarehe (…).
>
> (Jina, uhusiano na marehemu, simu, sahihi)

Tarehe ya kusitisha ndiyo moyo wa barua. Ukiandika "mapema iwezekanavyo", unawaachia wao wachague.

4. Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ukirudisha ruta, dai hati ya makabidhiano yenye namba ya kifaa.

Maswali ya wanachama

*Kaka, deni lililobaki nalipa mimi niliyesaini?*
Deni la marehemu hulipwa na msimamizi wa mirathi kutoka kwenye mali aliyoiacha. Kwa hiyo usiandike "nitalipa deni lote"; hapo unajifunga mwenyewe. Omba hesabu tu.

*Na laini yake ya simu tuifunge kwa barua hiyohiyo?*
Hapana dada, iache kwanza. Huenda ina pesa, na ujumbe wa benki huingia humo. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari na kumpendekeza msimamizi. Akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo na kupewa Fomu Na. 4, ndipo afuatilie pesa hizo, halafu laini ifungwe. Msizitoe kwa namba ya siri ya marehemu hata kama mnaijua. Warithi wengine watauliza zimekwenda wapi.

*Mama bado anaitumia hiyo intaneti, tufanyeje?*
Basi msiombe kusitisha. Ombeni mkataba uhamishiwe jina la mama, aende na kitambulisho chake. Deni la zamani libaki kwenye hesabu ya marehemu, lisihamie kwake.