Jinsi ya kuomba kuongezewa muda wa marejesho ya mkopo

Ombi hili lipelekwe kabla ya siku ya rejesho. Ukisubiri siku ipite, jina lako limeshaandikwa kwenye orodha ya waliochelewa na faini imeanza kuhesabiwa, kwa hiyo unakuwa unaomba mambo mawili kwa pamoja.

Kabla ya kuandika chochote, kaa na daftari lako. Wengi hutaja tarehe wanayoitamani, kumbe tarehe inapaswa kutoka kwenye hesabu ya fedha zinazoingia. Chukua fundi cherehani anayerejesha 60,000 kila tarehe 5. Mashine iliharibika mwezi wa Aprili, akakosa kazi wiki mbili, na sasa mkononi ana 20,000. Kuna mteja atakayemlipa 90,000 ifikapo tarehe 23 Mei. Haraka haraka angesema, "Nitamalizia 40,000 tarehe 26." Lakini akishalipa, akanunua vitambaa na kuhudumia nyumba, tarehe 5 Juni itamkuta hana 60,000 nyingine. Hapo ndipo watu huanguka: rejesho lililoahirishwa hugongana na linalofuata. Ni heri alipe 20,000 sasa, na ile 40,000 aigawe mara nne, alipe 70,000 kuanzia Juni hadi Septemba.

Kama mkopo una wadhamini, waambie wao kwanza. Mdhamini akisikia habari kikaoni hukasirika, na ndiye uliyemtegemea akutetee.

Kisha andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, au kwa meneja wa taasisi ya mikopo kupitia afisa mikopo:

"Naomba kuongezewa muda wa rejesho la tarehe 5 Mei. Cherehani yangu iliharibika na sikufanya kazi kwa wiki mbili. Risiti ya fundi nimeiambatanisha. Nitalipa 20,000 tarehe 5 Mei. Kiasi kilichobaki, 40,000, nitakilipa kwa 10,000 juu ya kila rejesho, na kukimaliza tarehe 5 Septemba."

Sababu iwe ile ile ya kweli, hata kama inatia aibu. Ukisingizia msiba, kikundi kitataka kuja kuhani.

Kwenye kikundi angalia pia siku ya mgao, yaani siku wanachama wanapogawana fedha zao. Ukiomba tarehe inayoivuka, unazuia fedha za wenzako, na huenda deni likakatwa kwenye hisa zako. Kwa taasisi ya mikopo, uliza mambo mawili kabla ya kukubali: je, riba itaendelea kuhesabiwa katika muda ulioongezwa, na kuna ada ya kupanga upya mkopo? Omba waandike jumla mpya utakayolipa.

Jibu la mdomo halitoshi, maana afisa anaweza kuhamishwa. Kikundini, hakikisha katibu ameliandika kwenye muhtasari wa kikao. Kwa taasisi, pata ratiba mpya ya marejesho yenye saini na muhuri. Hadi uipate, ratiba ya zamani ndiyo inayokubana.