Kapsheni tulivu ya picha ya mavuno ya kwanza

Tuchukue picha moja: pilipili mbuzi tatu za njano kwenye kiganja, nyuma yake ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini, imewekwa kwenye roshani ya ghorofa. Mwenyewe ameandika: "Mavuno ya kwanza!!! Kilimo ni utajiri, anza leo! 🔥🔥" Ukiisoma haraka unadhani anauza miche.

Hatua ya 1. Andika pembeni vitu ambavyo picha haiwezi kuonyesha. Kwamba ni pilipili tatu, tunaziona. Hatuoni kwamba maua yalidondoka mara mbili, maana jua la mchana lilipiga ndoo na udongo ukakauka kabla ya jioni. Hatuoni pia kwamba mche ulitoka kwa jirani. Kapsheni yako imo humo. Kama hukumbuki lini ulipanda, usibuni siku; safari ijayo andika tarehe kwenye ndoo kwa kalamu ya wino mzito.

Hatua ya 2. Chagua jambo moja tu, uliseme kwa sentensi fupi yenye tendo. Hapa ningechukua maua:

"Maua yalidondoka mara mbili. Safari hii tatu zimeshika."

Neno "pilipili" halimo, na halihitajiki, kwa sababu ziko kiganjani. Ila kama mmea haujulikani kwa sura, mfano mche mdogo usio na tunda, utaje jina lake la mtaani.

Hatua ya 3. Punguza sauti. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Toa alama za mshangao, toa "hatimaye", toa ushauri kwa wasomaji. Sifa kama "nzuri sana" nazo ziondoke, macho yao yanatosha. Shukrani ibaki kama ndiyo kauli yako ya kila siku: "Alhamdulillah, tatu zimeshika" ni tulivu kabisa. Emoji moja haina ubaya, mimi huiacha ibaki.

Hatua ya 4. Jambo la moyo litangulie. Instagram huonyesha mwanzo tu wa maelezo marefu, mengine mtu hayaoni mpaka abonyeze. Ukitaka kumshukuru jirani au kueleza ulivyohamishia ndoo kivulini saa za mchana, weka chini, baada ya mstari mtupu.

Hatua ya 5. Kagua nyuma ya mmea. Roshani huonyesha jengo la jirani, bango la duka, hata namba ya nyumba. Usiongeze jina la mtaa kwenye kapsheni, na kata picha ikibidi.

Kisha soma kwa sauti, kama unamwambia dada yako aliyesimama mlangoni. Ukiona aibu kuitamka, rudi hatua ya 3. Ukishaibandika, tazama maoni: wakiuliza "bei gani?", bado inanukia tangazo. Wakikuambia ya kwao nayo inadondosha maua, imeeleweka, na hapo wajibu kuhusu kivuli na maji ya asubuhi.